Benki kuna milioni tatu, nyingine ziko wapi?

*Shikamoo Mshauri,*

*Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kusaidiana hapa Morogoro. Tuko wanachama 60 na kila mmoja anatoa ada ya shilingi 10,000 kwa mwezi. Tunasaidiana kwenye misiba na ugonjwa, tunakopeshana, na mwaka ulioisha tumenunua viti 100 vya kukodisha. Mwezi ujao ni mkutano mkuu na natakiwa kutoa taarifa ya fedha. Mkutano uliopita zilisomwa kurasa nne za tarakimu, watu wakasinzia, halafu ukazuka ugomvi. Safari hii maneno yameanza mapema: "Tulianza na milioni mbili, tumechanga sita na nusu, benki kuna tatu na kidogo. Milioni tano nzima imekwenda wapi?" Najua haijapotea hata shilingi, lakini nikianza kueleza nababaika. Wanachama wengi ni mama lishe, bodaboda na wastaafu. Nifanyeje waelewe?*

*Majumlisho yangu ni haya. Mwaka ulianza na 2,100,000, na mikopo iliyokuwa bado mikononi mwa wanachama ilikuwa 1,200,000. Zilizoingia: ada 6,480,000, riba 320,000, faini 90,000, kukodisha viti 410,000, marejesho ya mikopo 3,200,000; jumla 10,500,000. Zilizotoka: misiba saba 2,800,000, wagonjwa 500,000, uendeshaji 400,000, viti 1,500,000, mikopo mipya 4,000,000, jumla 9,200,000. Zilizobaki 3,400,000. Mwaka wa kabla yake misiba ilikuwa minne tu, nayo kwa laki nne kila mmoja.*

*Mweka Hazina, Morogoro*

---

Marahaba, mwanangu.

Hesabu zako zinakaa sawa. Nimejumlisha na kutoa, nikafika palepale ulipofika. Kinachokubabaisha ni namna ulivyozipanga, maana umechanganya fedha za aina mbili kwenye orodha moja, na mwanachama anayekuuliza milioni tano ziko wapi ameuliza swali zuri ambalo orodha hiyo haiwezi kulijibu.

Tazama hiyo jumla ya 10,500,000. Ndani yake kuna marejesho ya mikopo, 3,200,000. Hizo si mapato. Mama aliyekopa laki mbili mwezi wa tatu akarudisha laki mbili mwezi wa nane hajakiongezea kikundi chochote isipokuwa riba. Amerudisha kilichokuwa chenu tangu mwanzo. Upande wa pili ni hivyohivyo: zile 4,000,000 ulizoandika kwenye zilizotoka hazikutumika. Zimehama kutoka benki kwenda mikononi mwa wanachama, na zinadaiwa. Ukiziita matumizi, anayesikiliza anaelewa zimeliwa. Mkutano wa namna hiyo huishia kwenye ugomvi hata kama mweka hazina ni mwaminifu kiasi gani, kwa sababu maneno aliyoyatumia yenyewe yanasema fedha zimeisha.

Kwa hiyo kabla ya picha yoyote, panga upya. Mapato halisi ya kikundi ni ada, riba, faini na kodi ya viti, ambayo jumla yake ni 7,300,000. Matumizi halisi, yaani fedha zilizotoka na hazitarudi, ni misiba, wagonjwa na uendeshaji, jumla 3,700,000. Viti viweke peke yake, kwa kuwa fedha imegeuka kuwa mali. Mikopo nayo iweke peke yake, tena kwa tofauti tu: zilitoka 4,000,000, zikarudi 3,200,000, kwa hiyo 800,000 zaidi ziko nje kuliko mwanzo wa mwaka.

Sasa jibu la milioni tano linajitokeza lenyewe. Mlianza na 2,100,000, mkaongeza mapato ya 7,300,000, ikawa 9,400,000. Zimebaki 3,400,000. Zilizoondoka kwenye akaunti ni milioni sita kamili, zaidi hata ya zile wanazozinung'unikia, kwa sababu wao wamesahau riba, faini na kodi ya viti. Kati ya hizo sita, zilizotumika moja kwa moja ni 3,700,000. Nyingine 2,300,000 bado ni zenu, ila hazikai benki: 1,500,000 ni viti na 800,000 ni nyongeza ya mikopo. Hicho ndicho wanachama wanachopaswa kukiona kwa macho kabla hujasoma mstari wowote.

Usichukue kalamu ya rangi kwanza. Hakikisha ile 3,400,000 ipo. Chukua taarifa ya benki ya tarehe 31 Desemba, salio la akaunti ya kikundi kwenye simu la siku hiyohiyo, na fedha taslimu iliyokuwa kwenye sanduku ilipohesabiwa mbele ya wenye funguo. Vitatu hivyo vikijumlishwa vifike 3,400,000. Visipofika, tafuta tofauti kabla ya kwenda mbele. Mara nyingi utaikuta sehemu tatu: makato ya benki au ya kutuma fedha kwa simu ambayo hayakuandikwa daftarini, ada iliyolipwa siku za mwisho za Desemba ikaonekana benki Januari, au malipo ya msiba yaliyotolewa haraka usiku na hati ya malipo ikaandikwa baadaye kwa tarehe nyingine. Tofauti ya shilingi elfu kumi isiyoelezeka itakuharibia mkutano kuliko milioni iliyoelezwa vizuri.

Jambo jingine linalowakwaza wengi ni tarehe. Mkutano wenu ni mwezi ujao, na hadi siku hiyo fedha nyingine zitakuwa zimeingia na kutoka. Atakuwepo mwanachama, pengine mmoja wa watia saini wenyewe, ambaye ameona salio la juzi na litakuwa tofauti na lako. Andika kwa herufi kubwa juu ya kila karatasi: HADI 31 DESEMBA. Kisha uwe na mstari mmoja pembeni unaoonyesha salio la asubuhi ya mkutano na sababu ya kutofautiana. Usingoje kuulizwa.

Picha zenyewe ziwe tatu. Ukiongeza ya nne watu wataanza kuangalia simu zao. Kila picha ijibu swali moja, na swali lenyewe ndilo liwe kichwa cha picha. Usiandike "Mchanganuo wa Mapato na Matumizi ya Mwaka". Andika jinsi watu wanavyouliza.

Picha ya kwanza: Fedha ilitoka wapi, ikaenda wapi?

Mimi huiita picha ya ngazi. Ni nguzo sita zinazosimama kushoto kwenda kulia, na kila moja inaanzia pale iliyotangulia ilipoishia. Huhitaji kompyuta. Nunua karatasi za bango kitita, rula ndefu na kalamu nene, na chukua kipimo cha sentimita 5 kwa kila shilingi milioni moja.

Chora mstari chini ya karatasi. Huo ndio sifuri. Nguzo ya kwanza, "Tulianza na", inapanda kutoka sifuri hadi sentimita 10 na nusu, yaani 2,100,000. Ya pili, "Ziliingia", haianzii chini. Inaanzia kwenye sentimita 10 na nusu na kupanda hadi 47, kwa kuwa 7,300,000 ni sentimita 36 na nusu. Hapo umefika juu kabisa ya picha, milioni tisa na laki nne. Sasa unashuka. "Misiba, wagonjwa, uendeshaji" inashuka kutoka 47 hadi 28 na nusu. "Tulinunua viti" inashuka kutoka 28 na nusu hadi 21. "Mikopo iliyoongezeka" inashuka kutoka 21 hadi 17. Nguzo ya mwisho, "Zimebaki", inasimama tena kutoka sifuri hadi sentimita 17, ambazo ni 3,400,000. Unganisha vichwa vya nguzo kwa mstari mwembamba wa nukta ili jicho lifuate.

Uzuri wa picha hii ni kwamba haiwezi kudanganya bila kujulikana. Ukikosea nguzo moja, ya mwisho haitalingana na mstari wa nukta, na hata mtoto wa darasa la nne ataona. Ndiyo sababu naipenda kuliko ile ya duara lililokatwa vipande, ambayo waweka hazina wengi huikimbilia kwa kuwa inapendeza. Duara linaweza kukuonyesha sehemu za kitu kimoja. Haliwezi kukuonyesha mwanzo, mwisho na njia ya katikati, na swali lenu lote liko kwenye hiyo njia.

Tofautisha nguzo kwa michoro, rangi peke yake haitoshi. Wapo watu wasiotofautisha nyekundu na kijani, na ukitoa nakala kwa mashine ya kawaida rangi zote hugeuka kijivu. Nguzo za kusimama, yaani mwanzo na mwisho, zijaze kabisa. Ya kuingia iache nyeupe yenye mpaka mnene. Ya matumizi ipige mistari ya mshazari. Hizo mbili za viti na mikopo zitie nukta nukta, kwa kuwa utazizungumzia tena: ndizo zilizoondoka benki lakini bado ni zenu.

Juu ya kila nguzo andika kiasi kwa namna watu wanavyotamka. "Milioni 7 na laki 3" inaeleweka haraka kuliko 7,300,000. Tarakimu kamili hadi shilingi ya mwisho ziweke kwenye karatasi ya mkononi, ambako mtu anayetaka kuhakiki atazikuta. Picha inakadiria, jedwali linathibitisha, na viwili hivyo visipingane.

Picha ya pili: Zilizotumika zimetumika kwenye nini?

Hapa unachukua zile 3,700,000 tu. Viti visiingie, mikopo isiingie. Chora milia inayolala, kwa sababu majina ni marefu na kwenye nguzo za kusimama ungelazimika kuyaandika kwa wima watu wakapinda shingo. Mlia mrefu kabisa uwe juu: misiba 2,800,000, chini yake wagonjwa 500,000, chini kabisa uendeshaji 400,000. Chini ya kila mlia weka mwingine mwembamba wa mwaka wa kabla yake.

Kwenye misiba patakuwa na tofauti kubwa, na hapo ndipo mlio wa nyuki utakapoanza. Mlia wa mwaka ulioisha utakuwa mrefu karibu mara mbili. Usiuache uzungumze peke yake. Andika pembeni yake: "Misiba 7, kila mmoja laki 4. Mwaka wa kabla yake misiba 4, kila mmoja laki 4." Sasa mwanachama anaona kwamba kiwango hakikubadilika, kilichobadilika ni idadi ya waliofiwa, na kila mmoja wao anafahamika. Kila matumizi yanapopanda kuna sababu mbili tu zinazowezekana: mmefanya mara nyingi zaidi, au kila mara imegharimu zaidi. Mweka hazina anayezitenganisha hizo mbili anamaliza nusu ya maswali kabla hayajaulizwa.

Kama kiwango cha rambirambi kingekuwa kimepanda, ungeandika hivyo pia, pamoja na tarehe ya kikao kilichoidhinisha.

Kuhusu uendeshaji, nakuonya. Ndio mlia mfupi kuliko yote na ndio utakaozungumziwa zaidi. Watu hawajui kubishana na 2,800,000 za misiba, lakini nauli za viongozi kila mtu ana maoni nazo. Usizifiche ndani ya neno "uendeshaji". Zivunje kwenye karatasi ya mkononi kwa mistari minne au mitano kutoka daftari lako: makato ya benki na simu, karatasi na nakala, nauli za kupeleka rambirambi, chai na maji ya mikutano. Mkiwa mmelipa posho, iite posho. Ukiiita "gharama nyinginezo" umeshaitia shaka, hata kama ni elfu thelathini.

Picha ya tatu: Mali yetu iko wapi leo?

Hii ndiyo itakayobadilisha hali ya hewa ya mkutano, na ndiyo wengi wanaoisahau. Chora nguzo mbili tu, kwa kipimo kilekile cha sentimita 5 kwa milioni. Nguzo ya mwanzo wa mwaka ina vipande viwili: fedha 2,100,000 na mikopo iliyo nje 1,200,000, jumla 3,300,000, sentimita 16 na nusu. Nguzo ya mwisho wa mwaka ina vipande vitatu: fedha 3,400,000 chini, sentimita 17, mikopo iliyo nje 2,000,000 katikati, sentimita 10, viti 1,500,000 juu, sentimita 7 na nusu. Jumla 6,900,000, sentimita 34 na nusu.

Mikopo ya milioni mbili umeipata hivi: iliyokuwepo mwanzo 1,200,000, jumlisha iliyotolewa 4,000,000, toa iliyorudi 3,200,000. Uihakiki kwa kujumlisha kadi ya kila mkopaji mmoja mmoja. Kadi zisipolingana na 2,000,000, kuna marejesho uliyoyapokea hukuyaandika kwenye kadi, au kuna riba uliyoiandika kama marejesho. La pili hutokea sana, kwa kuwa mwanachama hulipa vyote kwa mkupuo mmoja.

Na kuna kipimo kingine cha kujihakiki. Mali imeongezeka kutoka 3,300,000 hadi 6,900,000, yaani 3,600,000. Mapato yalikuwa 7,300,000 na matumizi 3,700,000. Tofauti yake ni 3,600,000. Namba hizo mbili lazima zilingane. Zikilingana, picha zako tatu zinasema jambo moja. Zisipolingana, kuna kitu umekihesabu mara mbili au umekiacha, na usiende mkutanoni hadi ukipate.

Sasa fikiria anayeuliza milioni tano zimekwenda wapi anapoona nguzo hiyo ya pili imezidi mara mbili ya ile ya kwanza. Lakini usimpe furaha isiyo ya haki. Kuna mambo mawili unapaswa kuyasema waziwazi palepale. La kwanza, viti umevihesabu kwa bei ya kununulia. Vya plastiki vinavunjika, na mwakani havitakuwa na thamani hiyo. Kamati ikubaliane leo vitapunguzwa thamani kwa kiasi gani kila mwaka, na uandike uamuzi huo. La pili, si mikopo yote iliyo nje ni ya kuaminika. Pitia kadi, tenga iliyopitisha tarehe ya kurejeshwa kwa zaidi ya miezi mitatu, na kipande hicho ukichore kwa mistari ya kukatana ndani ya sehemu ya mikopo. Tuseme ni laki sita kati ya milioni mbili. Wanachama waione hiyo laki sita, na waijue kwamba ikishindikana kulipwa nguzo itapungua kwa kiasi hicho. Majina ya wadaiwa yasiingie kwenye bango. Hayo yana kikao chake na utaratibu wake kwenye katiba yenu. Bango linapigwa picha na kufika kwenye makundi ya WhatsApp kabla chai haijamwagwa.

Ada ambazo hazijalipwa nazo zina mahali pake. Wanachama 60 kwa miezi 12 kwa 10,000 ni 7,200,000, nawe umekusanya 6,480,000. Pengo la 720,000 ni sawa na malipo 72 ya mwezi mmoja mmoja yaliyokosekana. Usiyaweke kwenye nguzo yoyote, kwa sababu fedha ambayo haijafika haiwezi kusaidia msiba. Iandike kama sentensi moja chini ya picha ya kwanza: "Ada ambazo bado hazijalipwa: laki 7 na elfu 20." Vikundi vingine huzihesabu kama mapato ili mwaka uonekane mzuri, na mwaka unaofuata zinawarudia kama hasara.

Kwa karatasi ya mkononi, kama una Excel au programu kama hiyo kwenye simu, unaweza kupata milia bila kuchora chochote. Weka majina safu ya A, kiasi safu ya B, kuanzia mstari wa pili, na kwenye C2 andika fomula hii kisha uinakili hadi mstari wa mwisho:

```
=REPT("█",ROUND(B2/100000,0))
```

Kila kisanduku cheusi kitasimama badala ya laki moja. Misiba itapata 28, wagonjwa 5, uendeshaji 4. Inachapika vizuri kwa nyeusi na nyeupe na inasomeka hata kwenye simu ndogo. Ukiamua kutumia michoro ya programu yenyewe, angalia mambo mawili. Mstari wa kipimo uanze sifuri, kwa sababu baadhi ya programu huukata na kuuanzia karibu na kiasi kidogo kuliko vyote, na hapo tofauti ya laki moja inaonekana kama mlima. Pia epuka nguzo za umbo la boksi zenye kina; hakuna anayejua asome kwenye ukingo wa mbele au wa nyuma.

Bango likishakamilika, libandike ukutani mahali mkutano utakapofanyika, kisha nenda ukakae kwenye kiti cha nyuma kabisa. Usiposoma namba kwa urahisi, mzee wa miaka sabini hatazisoma. Ongeza ukubwa wa herufi, punguza maneno.

Siku yenyewe, anza na salio wala si na mapato, na asilitaje mweka hazina. Mjumbe wa kamati ya ukaguzi asimame na taarifa ya benki mkononi aseme: "Tumehakiki. Tarehe 31 Desemba fedha zilikuwa milioni tatu na laki nne." Hilo likishasemwa na mtu asiyeshika fedha, wewe unakuwa unaeleza njia tu, hujitetei. Kisha simama kando ya picha ya ngazi na uipite nguzo kwa nguzo kwa kidole. Unaweza kusema hivi hivi:

"Tulianza mwaka na milioni mbili na laki moja. Kikundi kikaingiza milioni saba na laki tatu, nyingi zikiwa ada zenu. Tukatumia milioni tatu na laki saba kwa misiba, wagonjwa na uendeshaji. Tukanunua viti vya milioni moja na nusu. Tukakopeshana laki nane zaidi ya zilizorudi. Zikabaki milioni tatu na laki nne."

Sentensi sita, na asiyejua kusoma amesikia kila kitu ambacho mwenzake amekiona. Nyamaza hapo. Ruhusu maswali ya picha hiyo kabla ya kwenda ya pili. Ukionyesha zote tatu kwa mfululizo, swali la kwanza litakaloulizwa litawarudisha wote mwanzoni.

Neno ziada, kama utalitumia, lieleze papo hapo, maana watu wakisikia ziada wanauliza mgao. Ziada yenu ni 3,600,000 lakini fedha iliyoongezeka benki ni 1,300,000 tu, kutoka 2,100,000 hadi 3,400,000. Nyingine ni viti na mikopo. Mkigawana ziada yote mtatafuta wa kuwakopesha fedha za msiba ujao. Msiba mmoja kwenu ni laki nne, kwa hiyo milioni tatu na laki nne zinatosha misiba minane na kidogo kama hakuna ada nyingine itakayoingia, na mwaka ulioisha mmezika mara saba. Hesabu hiyo ya misiba minane ni ya kuwaambia, kwa sababu inampa kila mtu kipimo cha kuamua kama salio ni kubwa au dogo.

Karatasi ya mkononi iwafikie siku tatu au nne kabla. Iwe ukurasa mmoja: jedwali upande mmoja, milia upande wa pili. Anayetaka kubishana na nauli atakuja amejiandaa, na hilo ni jema kwako, kwa kuwa utakuwa na hati za malipo mezani. Panga hati kwa mwezi kwenye mafaili, na mtu akiuliza kuhusu malipo fulani mpe faili aangalie mwenyewe. Swali usilolijua jibu lake liandikwe na katibu kwenye muhtasari pamoja na tarehe utakayolijibu. Usikisie.

Picha hizi hazichukui nafasi ya taarifa kamili. Vikundi vya jamii vinavyokopeshana vimewekwa daraja la nne la Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na usajili wake uko halmashauri. Huko watataka vitabu vyenu, siyo bango. Kama bado hamjasajiliwa, muulizeni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Baada ya mkutano, kunja mabango uyatunze, na uandike nyuma yake kipimo ulichotumia. Mwakani chora kwa sentimita 5 zilezile kwa milioni, ubandike la zamani kando ya jipya. Mali ikikua hadi nguzo ipitilize karatasi, unganisha karatasi ya pili kwa gundi, usipunguze kipimo.